Ukitumiwa Picha ya Kadi ya Kliniki

Kama umesoma kidogo, au umewahi kufanya kazi kwenye zahanati hata ya kufagia, ndugu zako wamekwisha kukuteua kuwa msomaji wa kadi za kliniki. Hukuulizwa. Mama ni mzazi wa mara ya kwanza, amekaa foleni tangu asubuhi, nesi ana akina mama wengi wanaosubiri nyuma yake, kaandika haraka na kumrudishia kadi. Mama amefika nyumbani, kaifungua, na mwandiko umemtia wasiwasi. Anapiga picha na kukutumia wewe.

Picha hiyo haina mtoto. Ina kadi tu, na hilo lina faida yake na hasara yake. Faida ni kwamba hutababaishwa na mashavu wala na nguo mpya, utatazama namba. Hasara ni kwamba nesi alimwona mtoto, wewe hukumwona. Kila utakachosema kiwe na kumbukumbu hiyo ndani yake.

Anza na picha yenyewe, kwa sababu makosa mengi ya usomaji huanzia hapo. Kadi za Tanzania hukunjwa, hutiwa ndani ya nailoni, nailoni hutiwa ndani ya mkoba, na baada ya miezi michache mkunjo hugeuka kuwa mstari mweupe uliokwanguka wino. Mara nyingi mkunjo huo unapita katikati ya chati ya ukuaji, na alama ya mwezi mmoja humezwa humo. Tena mama hupiga picha kadi ikiwa mapajani, simu imeinama, balbu inamulika nailoni. Kadi ikipigwa kwa mshazari, alama iliyo karibu na mpaka wa rangi huonekana imevuka mpaka. Nimewahi kuona familia nzima ikiingia hofu kwa alama ya namna hiyo, kumbe kadi ilikuwa imeinama.

Mwombe apige upya. Aitoe kwenye nailoni, ailaze mezani au kwenye mkeka karibu na mlango mchana, asimame juu yake sawasawa, asitumie mwanga wa simu. Chati iingie yote, pamoja na safu ya miezi chini na safu ya kilo pembeni, maana alama bila safu hizo haina maana. Kisha apige picha ya pili ya ukurasa ambao nesi ameandika tarehe na uzito kwa tarakimu, kama upo, na ya tatu ya sehemu ya maoni. Kwenye WhatsApp akizituma kama hati badala ya picha ya kawaida, herufi hazifubai.

Jina la mtoto, jina la mama na namba ya kadi avifunike kwa kipande cha karatasi. Wewe unamjua mtoto ni nani, huhitaji kusoma jina lake. Hili si ukali wa bure. Kadi za kliniki katika kanda yetu hubeba pia taarifa zinazohusu maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, mara nyingine kwa herufi na namba za mkato ambazo mama mwenyewe hakuelezwa vizuri. Picha hiyo ikiingia kwenye kundi la ukoo, yupo shemeji au wifi anayejua kuzisoma. Kwa hiyo usiisambaze, hata kwa rafiki yako aliye daktari, kabla ya kumuuliza mama. Na ukiona mwandiko wa mkato usioujua, usiukisie wala usiulizie hadharani. Mwambie: hiki muulize nesi, mkiwa wawili.

Sasa kuisoma. Chati ya ukuaji ina miezi chini na kilo pembeni, na kila safari ya kliniki huacha alama moja, kisha alama huunganishwa kwa mstari. Katika kadi za Tanzania mstari huo hupita juu ya rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na karibu kila mama anajua kwamba kijani ni nzuri na nyekundu ni hatari. Kwenye kitabu cha kliniki cha Kenya utakuta mistari iliyopinda badala ya rangi, lakini kazi ni ile ile. Hakikisha kwanza kama chati ni ya mvulana au ya msichana. Viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vina chati mbili, na tofauti si ndogo: msichana wa kati wa miezi 6 ana kilo 7.3, mvulana wa kati ana 7.9.

Rangi imewafundisha watu wengi kusoma kadi, na imewafundisha vibaya. Mama huangalia alama ya mwisho tu: ipo kwenye kijani, basi. Nesi mzoefu haangalii alama moja, anaangalia mstari unaelekea wapi. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.4 anaweza kukaa karibu na ukingo wa chini wa kijani mwezi baada ya mwezi, mstari wake ukipanda sambamba na ukingo ule, na akawa mzima kabisa. Huyo ndivyo alivyo. Mwingine anaweza kuwa katikati ya kijani na huku anadidimia.

Tuchukue kadi ya mfano ya msichana, uione kwa karibu. Amezaliwa na kilo 3.1. Mwezi wa 1 ana 4.1, wa 2 ana 5.0, wa 3 ana 5.7, wa 4 ana 6.3. Hadi hapo anakwenda bega kwa bega na msichana wa kati, ambaye kwa miezi 4 ana 6.4. Mwezi wa 5 ana 6.7. Mwezi wa 6 ana 6.8, na wa 7 ana 6.8 tena. Mwezi wa 8 hakupelekwa. Mwezi wa 9 ana 6.9, na pembeni nesi ameandika: ushauri wa lishe, arudi baada ya wiki 2.

Mama anauliza: kama yupo kwenye kijani, mbona nimeambiwa nirudi upesi hivyo? Na kweli yupo kwenye kijani. Kwa chati ya viwango vile vya 2006, ukingo wa chini kwa msichana wa miezi 9 uko kwenye kilo 6.5, na huyu ana 6.9. Lakini tazama safari yake. Kutoka mwezi wa 4 hadi wa 9 msichana wa kati huongezeka takriban kilo 1.8. Huyu ameongezeka gramu 600. Alianza katikati ya njia, sasa yuko karibu na ukingo, na akiendelea hivyo ataingia kijivu baada ya miezi michache tu. Nesi hakumwita kwa sababu mtoto ameharibikiwa. Amemwita kwa sababu ameona mstari umelala.

Kabla ya kumweleza mama hayo, hata hivyo, jiridhishe kwamba mstari haukulazwa na kalamu. Linganisha alama na tarakimu. Huwa inatokea 7.6 ikaandikwa 6.7, au uzito sahihi ukawekwa kwenye safu ya mwezi usio wake. Chukua tarehe ya kuzaliwa, hesabu miezi kwa vidole mpaka tarehe ya kupimwa, uone kama alama iko kwenye mwezi huo. Kosa la kawaida hutokea mtoto asipopelekwa mwezi mmoja: badala ya kuacha safu hiyo wazi, alama inayofuata huwekwa humo humo, na kuanzia hapo mtoto huwa mdogo kwenye kadi kuliko alivyo kitandani. Mstari huonekana mzuri kuliko ukweli. Ukigundua kosa kama hilo, usimwambie mama alirekebishe kwa kalamu yake. Mwambie tarehe zipi hazilingani, aende akamwonyeshe nesi.

Na mizani nayo ina mambo yake. Ile ya kuning'iniza, ambayo bado inatumika katika zahanati nyingi, ina vistari vya gramu 100. Mtoto anapolia na kurusha miguu mshale unacheza, na msomaji huchagua kistari kimoja. Akiwa na sweta na nepi iliyolowa, au mizani haikurudishwa sifuri baada ya kufungwa ile nguo ya kumning'inizia, gramu 200 zinaweza kuingia au kutoka bila mtoto kubadilika. Ndiyo sababu mwezi mmoja tu ambao mtoto hakuongezeka haukupi haki ya kusema lolote kubwa. Kati ya miezi 6 na 7 msichana wa kati huongezeka takriban gramu 300, na hizo mizani mbovu inaweza kuzimeza karibu zote. Lakini mizani haiwezi kumeza gramu 1,200 za miezi mitano. Kwa msichana wetu, lawama haiwezi kubebwa na mizani peke yake.

Angalia sasa mstari ulilala lini. Ulianza kuinama kwenye mwezi wa 5 na kulala kabisa wa 6. Watu wanaokaa na kadi hizi wanaujua umri huo. Hadi miezi 6 maziwa ya mama pekee yanatosha, na kwenye baadhi ya kadi utaona herufi EBF kuonyesha kwamba mtoto ananyonya tu bila kupewa kingine. Baada ya hapo maziwa bado ni muhimu lakini hayatoshelezi tena, na kinachoanza kuingia mdomoni mara nyingi ni uji mwepesi, kikombe kizima cha maji yenye rangi ya unga. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Likijaa maji, limejaa, na ziwa nalo halitaki. Ule uji unaofaa hukaa kwenye kijiko ukikiinamisha, haumwagiki kama chai. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 hupewa chakula mara 2 hadi 3 kwa siku, wa miezi 9 na kuendelea mara 3 hadi 4, huku akinyonya. Huo ndio mwongozo wa kawaida, na nesi aliyeandika ushauri wa lishe yumkini alitaka kuzungumzia mambo hayo.

Nimesema yumkini. Kadi haikuonyeshi kwa nini. Huenda mwezi wa 6 mtoto aliharisha wiki nzima. Huenda mama alirudi kazini au shambani na mtoto akabaki na bibi. Huenda meno, huenda malaria, huenda mimba nyingine imeingia na mtoto ameachishwa ziwa kwa kuambiwa kwamba maziwa yameharibika. Mstari uliolala una sura moja kwa sababu zote hizo. Hapo ndipo msomaji wa picha hutakiwa kuuliza badala ya kutamka, na akishapata majibu, ayarudishe kliniki. Swali moja likiulizwa vizuri linatosha kufungua mengi: mwanangu, jana tangu asubuhi mpaka jioni mtoto alikula nini, na kila kimoja kilikuwa kizito kiasi gani? Ukimuuliza kama anakula vizuri atakujibu ndiyo, kwa sababu hakuna mama anayependa kujibu hapana.

Kuna jambo moja ambalo kadi inaweza kulificha kabisa, na linafaa kujulikana na kila anayesoma kadi kwa mbali. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba anaweza kuwa na uzito mzuri, hata mstari wake ukapanda ghafla, kwa kuwa kilichoongezeka ni maji mwilini. Chati haitofautishi maji na nyama. Kwa hiyo mwombe mama abonyeze kwa kidole gumba juu ya wayo wa kila mguu wa mtoto, taratibu, kwa sekunde tatu, kisha aachie. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kadi iseme isemavyo. Vivyo hivyo kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Hapo mazungumzo ya kadi yanaishia, na kazi yako inakuwa kutafuta nauli.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, mjibu kwa utulivu, na ikiwezekana kwa sauti badala ya maandishi, maana maandishi yana tabia ya kusomwa kwa ukali ambao hukuuweka. Mtu akiniomba mfano wa majibu kwa kadi ile, ningemwambia aseme hivi:

“Marahaba mwanangu. Picha nimeiona, sasa inasomeka vizuri. Mtoto yupo kwenye kijani, hilo ni kweli na usiambiwe vingine. Ila kuanzia miezi sita uzito wake unapanda polepole kuliko ulivyokuwa unapanda mwanzo, na nadhani ndicho nesi alichokiona. Kadi hainiambii sababu, wala mimi sijamwona mtoto. Umefanya vizuri kumpeleka. Hiyo ya kurudi baada ya wiki mbili usiikose. Mpaka siku hiyo endelea kumnyonyesha kama kawaida, na yale aliyokushauri nesi kuhusu chakula uyafuate. Niambie alikuambia nini, nikuandikie pamoja na maswali ya kumuuliza ukirudi.”

Ona kilichoachwa. Hakuna jina la ugonjwa. Hakuna dawa ya kuongeza hamu ya kula, ambayo ndiyo ushauri wa kwanza wa majirani na wa muuza duka. Hakuna kulinganisha na mtoto wa fulani aliyekuwa na kilo 10 akiwa na umri huo. Wala hakuna lawama ya mwezi wa 8 uliorukwa. Mama anajua kwamba hakwenda, na ukimsuta atakuficha ya mwezi ujao.

Mama atakuuliza pia kuhusu visanduku vilivyo wazi upande wa chanjo. Hapo fupisha. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa chanjo haikutolewa, au ilitolewa sehemu nyingine, au dawa iliisha siku ile, au imeandikwa kwenye rejista tu. Kwa mtoto wa miezi 9 tazama kama surua-rubela imeandikwa, na kama vitamini A, ambayo huanza miezi 6, ina tarehe. Kama haina, iwe swali kwa nesi. Na mtu akimwambia kwamba chanjo ikipitiliza lazima aanze zote upya, mtoe hofu: ratiba huendelezwa ilipoishia.

Maswali yenyewe yawe machache, yaandikwe kwenye karatasi ndogo na kuwekwa ndani ya nailoni pamoja na kadi, kwa kuwa mbele ya nesi mtu husahau. Kwa kadi yetu yanatosha matatu. Uzito wake unapanda polepole tangu miezi sita, je, mnadhani ni chakula au kuna ugonjwa wa kupima? Mnaweza kumpima mzunguko wa mkono? Nimpe nini, kiasi gani na mara ngapi, kwa vyakula nilivyonavyo nyumbani? Lile la pili lina sababu yake. Kuanzia miezi 6 utepe unaozungushwa juu ya mkono humpa mhudumu jibu la namna nyingine: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na mtoto huanzishiwa matibabu, kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano na hufuatiliwa. Kipimo hicho nesi akifanye kwa mkono wake. Utepe wa fundi cherehani nyumbani utakupa namba, lakini kosa la milimita chache tu linabadilisha rangi.

Wiki mbili zikipita, picha nyingine itakuja. Tuseme sasa ni kilo 7.1. Gramu 200 kwa siku 14 ni nyingi kwa mtoto wa umri huo, na utatamani kushangilia, lakini uliza kwanza: ni mizani ile ile? Alivaa nini? Alikuwa ametoka kunyonya? Alama mpya imewekwa wapi, kwenye mwezi wa 9 au wa 10? Kama ni 6.9 tena, au imeshuka, usitafute maelezo ya kumfariji kabla hujajua nesi amesema nini na amepanga nini. Kwa vyovyote vile swali la kwanza ni hilo hilo. Muulize mama nesi alimwambia nini kwa mdomo, umsikilize mpaka amalize, ndipo uikuze picha.